Asidi ya Nitriki Ikikutana na Asetoni

Mwanafunzi aliyemaliza kuosha vyombo kwa asidi ya nitriki huona chupa ya mabaki ya ethanoli na asetoni, akamimina humo. Mara nyingi hakitokei kitu papo hapo, na hapo ndipo penye hatari. Asidi huanza kuoksidisha viyeyusho taratibu, joto hupanda, mmenyuko huongeza kasi, na gesi hujaa. Chupa iliyokazwa kizibo yaweza kupasuka saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wameondoka.

Chupa yenye joto, mapovu au moshi wa kahawia isiguswe kabisa. Watu watoke, aitwe msimamizi wa maabara.

Kwangu, lebo iliyoandikwa “mabaki” tu ni hatari tosha: andika kila kilichomo kabla ya tone la kwanza. Asidi ya nitriki ikae peke yake, chini ya kizibo kinachopitisha gesi. Kloroformu nayo itengwe na asetoni, kwani zikikutana penye alkali humenyuka kwa nguvu. Viyeyusho vyote hukusanywa, na mara nyingi hupelekwa kwenye tanuri maalumu la kuchomea, kamwe si kwenye sinki.