Kwa nini watoto wengi hujibu nane

Bwana Mfupi ni mtu wa kuchorwa kwenye karatasi. Urefu wake, ukipimwa kwa vifungo vikubwa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ni vifungo vinne. Rafiki yake, Bwana Mrefu, ambaye picha yake mwanafunzi haonyeshwi, amepimwa kwa vifungo hivyohivyo akatimiza sita. Mwanafunzi anapewa klipu ndogo za karatasi ampime Bwana Mfupi mwenyewe, naye anapata klipu sita. Kisha anaulizwa: Bwana Mrefu atakuwa na urefu wa klipu ngapi, na umejuaje?

Jibu ni tisa. Wengi wa umri wa miaka kumi hadi kumi na mbili husema nane, na wanayo sababu: kwa Bwana Mfupi klipu zilizidi vifungo kwa mbili, basi na kwa Bwana Mrefu zizidi kwa mbili. Sita na mbili ni nane.

Fumbo hili lilibuniwa na Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeacha nadharia za fizikia akahamia sayansi ya shule za msingi. Yeye na wenzake walilieleza mwaka 1970, wakiongozwa na kazi ya Jean Piaget wa Geneva. Hatua nne za Piaget hufundishwa katika vyuo vya ualimu. Kinachomhusu mwalimu wa madarasa ya juu ya msingi ni mpaka kati ya mbili za mwisho: kuanzia miaka saba hivi mtoto huweza kufuata mantiki ya vitu anavyovishika na kuviona, kuanzia kumi na mmoja hivi huanza kufikiri juu ya mambo ya kudhaniwa tu, na juu ya uhusiano kati ya mahusiano. Uwiano ni wa kundi hilo la pili. Kwa hiyo nane ilisomwa kama alama ya hatua: huyu bado yuko kwenye vitu halisi, hajafika kwenye fikra dhahania.

Andalio la somo lililojengwa juu ya usomaji huo huangukia mojawapo ya mambo mawili. Ama uwiano unasogezwa mbele hadi watoto “wafikie”, ama unafundishwa kwa zana tupu: mbegu, vizibo vya soda, vijiti. Shida ni kwamba aliyejibu nane alikuwa na klipu mkononi. Alizipanga, akazihesabu, akapata sita bila kosa. Kitu halisi kilikuwepo, lakini hakikumwambia kipi kati ya kujumlisha na kuzidisha ndicho kinachofaa. Akiletewa na picha ya Bwana Mrefu aipime, atapata tisa, na huenda akaamini tu kwamba alikosea kupima.

Ushahidi mzito dhidi ya hatua zilizochorwa kwa mstari mmoja ulitoka kwa Karplus mwenyewe. Mwaka 1983, akiwa na Steven Pulos na Elizabeth Stage, aliwapa wanafunzi wa darasa la sita na la nane maswali kadhaa ya kuchanganya sukari na maji ya limau. Mwanafunzi yuleyule alizidisha pale namba zilipokuwa rahisi, mathalani moja ikiwa mara mbili au mara tatu ya nyingine, akarudi kujumlisha au kutoa pale zilipokataa kugawanyika sawasawa. Kama hatua ingekuwa ngazi ambayo mtoto ameipanda au hajaipanda, namba za swali zisingempandisha na kumshusha hivyo. Piaget alijua kwamba ujuzi huchelewa kutoka jambo moja hadi jingine, na mwaka 1972 aliandika kwamba fikra dhahania huenda ikakomaa kati ya miaka 15 na 20, tena ikategemea fani aliyoizoea mtu. Sehemu hiyo mara nyingi haifiki kwenye chati ya ukutani.

Mazoea yana nguvu zaidi ya inavyodhaniwa. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao wa watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Mvulana wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja ikiuzwa kruzeiro 35. Hakuweka sifuri mwishoni mwa 35. Alianza na nazi tatu, 105, akaongeza tatu, kisha tatu nyingine, halafu moja, akafika 350. Kwa ujumla watoto hao walipatia asilimia 98 ya maswali ya sokoni. Walipopewa hesabu hizohizo kwenye karatasi, zikiwa namba tupu, walipatia asilimia 37. Mtoto aliyepanga nazi tatu tatu alikuwa tayari ameshika mzizi wa uwiano: bei na idadi zinakua pamoja, fungu kwa fungu.

Mzizi huohuo unaweza kumsaidia aliyejibu nane. Mwalimu hamwambii kwamba amekosea. Anampa swali jingine: tukimsimamisha Bwana Mfupi mmoja juu ya kichwa cha mwingine, watakuwa vifungo vingapi, na klipu ngapi? Vifungo ni nane na klipu ni kumi na mbili, jambo ambalo mtoto wa miaka tisa huliona. Kisha kanuni yake mwenyewe inatumiwa: vifungo nane, ongeza mbili, klipu kumi. Majibu mawili ya kitu kimoja hayawezi kuwa sawa yote. Kutoka hapo Bwana Mfupi anakatwa nusu: vifungo viwili, klipu tatu. Bwana Mrefu ni mafungu matatu ya namna hiyo, basi klipu tisa. Hakuna hatua hapa inayodai zaidi ya kurudia, kugawa nusu na kuhesabu mafungu.

Mpangilio huu unafanana na ule alioueneza Karplus katika masomo ya sayansi: watoto wachunguze kwanza, dhana itajwe baadaye, kisha itumiwe kwenye jambo jipya. Kwa kufundishia, zianze namba zinazorudufika. Kwa kupima, zitumike nne na sita, kwa sababu nne na nane zitamficha anayejumlisha. Na swali la “umejuaje?” haliondolewi. Mtihani wa kuchagua herufi hautofautishi tisa ya kubahatisha na tisa ya mafungu.

Umri nao hautoi dhamana. Kathleen Cramer, Thomas Post na Sarah Currier walieleza mwaka 1993 jinsi wanafunzi 33 wa ualimu nchini Marekani walivyoulizwa kuhusu wakimbiaji wawili wenye kasi sawa. Sue alianza mapema. Alipomaliza mizunguko 9, Julie alikuwa na 3. Julie akifikisha 15, Sue atakuwa na mingapi? Tofauti yao haibadiliki, kwa hiyo ni 21. Wanafunzi 32 walitumia uwiano wakapata 45. Mtoto alijumlisha palipotaka kuzidisha. Watu wazima walizidisha palipotaka kujumlisha.

Yapo yasiyojibiwa. Nane inaweza kuwa dalili ya akili isiyokomaa, au tunda la miaka minne ya kufundishwa kujumlisha kabla ya kingine chochote, na mafumbo haya pekee hayatenganishi mambo hayo mawili. Haijulikani pia mtoto aliyepita kwenye klipu anahitaji mifano mingapi kabla hajautambua uwiano kwenye ramani, kwenye rangi au kwenye dawa ya kupimwa kwa uzito wa mwili. Na katika darasa la wanafunzi themanini, nani atapata nafasi ya kumuuliza kila mmoja amejuaje?