Saiti ya koperative isipotee na simu ya mutu mumoja

Ndugu wakulima, koperative moja ya kahawa kandokando ya ziwa Kivu ilikuwa na saiti ya bure kwenye WordPress.com. Kijana mumoja ndiye aliitengeneza, kwa email yake mwenyewe. Alipoenda masomo mjini alibadilisha simu, akasahau na neno la siri. Saiti ikabaki inaonyesha bei ya msimu uliopita. Wanamemba wawili walibeba magunia mpaka ku depo kwa kufuata bei hiyo, wakakuta imeshuka. Hasira ilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyeweza kufuta hata neno moja.

Tuliketi nao, tukaanza upya. Kwanza tulifungua email ya koperative yenyewe, na namba ya kuirudisha ikawa ya simu inayokaa ofisini. Neno la siri liliandikwa ku karatasi, likafungiwa mu sanduku ya makuta, prezida na mweka hazina wakijua. Saiti mupya ilifunguliwa kwa email hiyo.

Kisha kila mujitolea alialikwa kwa email yake, na akapewa ngazi yake. Email ya koperative ndiyo Administrateur. Hiyo inaweza kubomoa saiti yote, juu ya hiyo haitumiwi kila siku. Sekretere ni Éditeur: anaweza kusahihisha na kutangaza maandishi ya kila mutu. Watu watatu wa depo ni Contributeur: wanaandika, lakini hawawezi kutangaza wenyewe.

Sasa bei ikibadilika, mutu wa depo anaiandika ku simu yake, pamoja na tarehe. Sekretere anailinganisha na kitabu cha depo, ndipo anaitangaza. Contributeur hawezi kuweka picha. Basi wanamutumia sekretere kwa WhatsApp, ambayo inapunguza uzito wa picha, na mega haziishi upesi. Kama koperative yenu inataka mutu atangaze na kuweka picha bila kungoja, mupeni ngazi ya Auteur. Lakini mujue kosa lake litaonekana palepale.

Siku mujitolea anaondoka, Administrateur anamutoa. Mukiwa hapo, musifanye haraka: WordPress inaweza kuuliza kama maandishi yake yafutwe ao yapewe mutu mwingine. Muchague kuyapa mutu mwingine, kama sekretere. Mukichagua kufuta, habari zote alizoandika zinaenda naye.

Saiti haifikii mwenye simu isiyo na internet. Koperative hiyo ingali inaandika bei ku ubao wa depo, na sekretere anaangalia kwamba bei zote mbili ni moja.

Na kwenu je? Mu mukutano unaokuja, muulize: anayeshika saiti akikosekana leo, nani mwingine anaweza kuingia? Asiseme kwa mudomo tu. Achukue simu yake, aingie mbele yenu.