Ukisema "ni vibaya", umesema nini?

Mtu ameiba pesa, nasi tunamwambia: "Ulifanya vibaya kuiba zile pesa." Tumemweleza mambo mangapi? Wengi wetu tungejibu mawili, kwamba aliiba na kwamba kitendo chake kilikuwa kibaya. Mwaka 1936 mwanafalsafa Mwingereza A. J. Ayer, kijana wa miaka 25, aliandika kwamba tumemweleza moja tu: aliiba. "Vibaya" haliongezi habari yoyote. Linafanya kazi ambayo sauti ya ukali ingeifanya, au alama ya mshangao kwenye maandishi. Linaonyesha kwamba tumechukizwa, basi.

Ayer alikuwa amekaa Vienna miezi kadhaa na kundi la wanafalsafa walioshikilia kanuni moja kali: sentensi inaeleza jambo pale tu inapoweza kuhakikiwa kwa yale yanayoonekana, au inapokuwa kweli kwa maana ya maneno yake yenyewe, kama zilivyo hesabu. Pesa zilizoibwa zinahesabika, na mashahidi wanaweza kuhojiwa. Lakini ubaya wa wizi utaupima kwa chombo gani? Ayer hakuona chombo, akahitimisha kwamba hapakuwa na jambo la kupimwa.

Hapa watu wengi humwelewa visivyo. Hakusema kwamba "wizi ni mbaya" maana yake ni "mimi siupendi wizi". Hiyo ingekuwa taarifa kunihusu mimi, na ingeweza kuwa kweli au uongo. Mtu aliyejikwaa akapiga ukelele hakutoi taarifa kwamba anaumwa. Maumivu yenyewe ndiyo yaliyomtoka. Kwa Ayer, hukumu ya maadili ni ya namna hiyo. Huwezi kuiambia "umesema kweli" wala "umesema uongo".

Lakini mbona tunabishana? Mwaka 1937 Mmarekani Charles Stevenson alilitolea swali hilo jibu zuri. Chukua mume na mke wanaovutana kuhusu kumchapa mtoto wao. Mume anaamini fimbo humfunza mtoto. Mke anaamini humfanya awe mwongo na mwoga. Hilo ni jambo la kuchunguza, na mmoja akionyeshwa ushahidi huenda akabadili msimamo. Ila wanaweza kukubaliana juu ya kila matokeo ya fimbo, na bado mmoja akasema "ni vibaya" na mwingine "si vibaya". Hapo, kwa mujibu wa Stevenson, kilichobaki ni mvutano wa misimamo, na kila mmoja analitumia neno hilo kumvuta mwenzake upande wake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo anajua kwamba maneno hutumika hivyo kweli.

Pigo zito halikutoka kwa walinzi wa maadili. Lilitoka kwenye mantiki. Mwaka 1965 Peter Geach, akifuata fikra za Mjerumani Gottlob Frege, aliwapa wafuasi wa nadharia hii hoja ya kitoto kabisa. Kama kumtesa paka ni vibaya, basi kumtuma mdogo wako amtese ni vibaya. Kumtesa paka ni vibaya. Kwa hiyo kumtuma mdogo wako amtese ni vibaya.

Hoja hiyo haina kasoro. Lakini itazame sentensi ya kwanza. Anayeisema hajalaani chochote. Hata mtu asiyejali mateso ya paka anaweza kuikubali, kwa sababu ya lile "kama". Katika sentensi ya pili analaani. Ikiwa kazi nzima ya "vibaya" ni kulaani, basi neno hilo lina maana moja katika sentensi ya pili, na halina maana hiyo katika ya kwanza. Neno likibadilika maana katikati ya hoja, hoja imevunjika. Na hii haijavunjika.

Simon Blackburn alijaribu kuiokoa nadharia mwaka 1984. Alipendekeza kwamba sentensi yenye "kama" nayo inaonyesha msimamo: tunamkataa mtu anayelaani kumtesa paka halafu asilaani kumtuma mdogo wake. Jibu hilo lina akili, lakini nadhani halitoshi. Mtu huyo, kwa maelezo ya Blackburn, ana kasoro ya tabia, kama mtu mwenye ndimi mbili. Sisi tunaona kwamba ana kasoro nyingine zaidi, ileile ya mtu anayekubali kwamba mvua ikinyesha barabara hulowa, na kwamba mvua inanyesha, kisha akakana kwamba barabara imelowa. Wanafalsafa wanaoendelea kuitetea nadharia hii leo wanatafuta njia ya kuonyesha jinsi misimamo miwili inavyoweza kupingana kimantiki, na si kutopatana tu. Mimi bado sijaona njia iliyofika.