Alama zinazokatwa: hesabu ya mtihani wa kuchagua

Kila mwaka vijana wa India wanaotaka kusomea udaktari hufanya mtihani uitwao NEET. Una maswali 180, kila moja lina majibu manne ya kuchagua. Jibu sahihi hupata alama 4, jibu lisilo sahihi hukatwa alama 1, na swali lililoachwa wazi halipati wala halikatwi. Alama za juu kabisa ni 720.

Tuseme mtahiniwa amepata maswali 120, amekosa 40 na ameacha 20. Alama za kupata ni 120 × 4, yaani 480. Za kukatwa ni 40 × 1, yaani 40. Anabaki na 440. Kuhakiki, anza na 720: kila kosa limempotezea alama 5, yaani 4 alizozikosa na 1 aliyokatwa, jumla 200, kila swali aliloliacha limempotezea 4, jumla 80. Inabaki 440 ileile.

Je, kubahatisha kunalipa? Akibahatisha maswali 40 kwa kufumba macho, kwa wastani atapata 10 na kukosa 30: anaongeza 40, anakatwa 30, faida ni alama 10 tu, na siku mbaya anaweza kupata hasara. Lakini akiwa na uhakika kwamba majibu mawili si sahihi, atapata kama 20 na kukosa 20. Hapo faida hufika 60.

Ila akiweka wino kwenye viduara viwili vya swali moja, huhesabiwa amekosa.