Bango, Upepo na Bolti Nne

Nguzo ya bango ikianguka, wengi hutazama juu, kwenye bango. Mimi huinama chini. Nguzo moja niliyoikagua baada ya dhoruba ilikuwa haijaanguka, ila bango lake lilikuwa limegeuka na halitazami tena barabara. Kwenye bamba la chuma lililoshika kitako chake, mashimo ya bolti hayakuwa mviringo tena. Kila shimo lilikuwa limechongeka upande mmoja kama mwezi mwandamo, na yote manne yalipinda kufuata mzunguko uleule. Fundi aliyekuwa nami akasema, “Upepo ulikuwa mkali, mzee.” Ni kweli, lakini upepo ulikuwa ukisukuma bango kuelekea mbele tu. Nani basi aliyelizungusha bamba kule chini, karibu mita 4 kutoka kwenye bango?

Swali hilo lina jibu kamili, na linafaa kujulikana na yeyote anayesimika kitu chochote kwenye zege.

Tuanze na spana ya magurudumu. Ile yenye umbo la herufi L ina mkono mmoja. Ukisukuma mwisho wa mkono huo kwa kani ya nyutoni 300, nao ukiwa na urefu wa mita 0.4, nati inapata mzunguko wa 300 mara 0.4, yaani nyutoni-mita 120. Lakini haipati mzunguko peke yake. Ile nyutoni 300 nayo inaifikia nzima, ikiisukuma pembeni, na ndiyo maana spana ya aina hii hupenda kuchomoka na kumwacha fundi na vidole vilivyochubuka. Sasa chukua spana ya msalaba. Mkono wa kulia unasukuma chini kwa nyutoni 300, wa kushoto unavuta juu kwa nyutoni 300, na kati yao pana mita 0.4. Mzunguko ni uleule, 120, ila msukumo wa pembeni haupo, kwa sababu kani hizo mbili zinafutana. Kani mbili zilizo sawa, sambamba na zenye mielekeo kinyume, tunaziita jozi. Jozi haisogezi kitu kwenda popote, inakizungusha tu.

Jina hilo na hesabu yake tunavitoa kwa Mfaransa Louis Poinsot, aliyevieleza katika kitabu chake cha statiki cha mwaka 1803. Hila aliyoitumia ni nyepesi. Tuseme kani inasukuma bango huku juu, nawe unataka kujua inafanya nini kwenye kitako. Pale kwenye kitako weka kani mbili za kufikirika, zote sawa na ile ya juu na sambamba nayo, moja ikielekea mbele na nyingine nyuma. Zinafutana, kwa hiyo hujabadilisha kitu. Lakini tazama ulichonacho sasa: ile ya juu na ile ya chini inayoelekea nyuma zimekuwa jozi, na imebaki moja iliyo kwenye kitako, ikielekea mbele. Kani umeihamisha, na gharama ya kuihamisha ni hiyo jozi. Ukubwa wake ni kani mara umbali kati ya mistari miwili ya kani hizo, ukipimwa kwa pembe mraba.

Fanya hivyo kwa kila kani iliyopo. Kani zote zikishafika kwenye kitako unazijumlisha kuwa moja, na jozi zote unazijumlisha kuwa moja. Hata kama kani zilikuwa mia na kila moja ina mwelekeo wake, unabaki na vitu viwili tu.

Turudi kwenye bango letu na tulipe vipimo. Simama upepo ukikupiga mgongoni, nguzo iwe mbele yako. Kutoka kwenye nguzo, mkono wa bomba unatokeza kulia na kubeba bango la mita 1.5 kwa mita 1. Kitovu cha bango kipo mita 3.5 kutoka kwenye kitako kwenda juu, na mita 1.5 kulia kwa nguzo. Bango na fremu yake vina uzito wa nyutoni 300, yaani kama kilo 30. Nguzo ina nyutoni 500. Bomba la mkono ni jepesi, tuliache. Upepo wa takriban kilomita 85 kwa saa unalisukuma bango hilo kwa nyutoni 600 hivi kwenda mbele.

Uzito wa nguzo unapita katikati ya kitako, kwa hiyo unashuka bila kudai jozi yoyote. Uzito wa bango uko mita 1.5 pembeni, na kuuleta kwenye kitako kunadai jozi ya 300 mara 1.5, yaani nyutoni-mita 450, inayotaka kuilaza nguzo kulia. Upepo ndio wenye mambo, maana uko mbali na kitako kwa njia mbili. Kimo cha mita 3.5 kinazaa jozi ya 600 mara 3.5, yaani 2,100, inayotaka kuilaza nguzo mbele. Ule umbali wa mita 1.5 kulia unazaa nyingine ya 900, na hii hailazi kitu: inaikamua nguzo kama mtu anayekamua nguo, kinyume na mwendo wa saa ukitazama kutoka juu. Huyo ndiye aliyezungusha bamba. Upepo ulisukuma mbele tu, lakini ulisukuma kitu kilichokaa pembeni.

Kani zenyewe ni rahisi kujumlisha. Kwenda mbele ni 600, kwenda chini ni 300 na 500, yaani 800. Mbili hizo zina pembe mraba kati yao, na jumla yake ni nyutoni 1,000 kamili, zikiinamia mbele na chini. Jozi nazo hujumlishwa kwa mtindo huohuo, kila moja ikichorwa kama mshale kwenye mhimili inaouzunguka. Jumla ya 2,100, 450 na 900 ni karibu 2,330. Lakini mtu wa bolti hana haja ya namba hiyo moja. Anazihitaji zile tatu, kila moja na kazi yake.

Tuseme bolti nne zimepangwa kwa mraba wenye upande wa mita 0.3, na bamba limekaa juu ya nati, kwa hiyo bolti ndizo zinazobeba kila kitu. Jozi ya 2,100 inagawanywa kwa 0.3, tunapata nyutoni 7,000, nazo zinavutwa na bolti mbili za upande upepo unakotoka, kila moja 3,500. Jozi ya 450 kwa njia hiyohiyo inaongeza mvuto wa 750 kwa kila bolti ya kushoto. Uzito unapunguza 200 kwa kila bolti. Kwa hiyo bolti ya kona ya nyuma kushoto, ile iliyo karibu nawe na mbali na bango, inavutwa juu kwa nyutoni 4,050. Ni kama imening'inizwa kilo 400 na zaidi, ilhali upepo wenyewe haukuzidi uzito wa mtu mmoja.

Jozi ya 900 haivuti juu. Inazisukuma bolti zote nne pembeni, kila moja kwa karibu nyutoni 1,060, kufuata duara. Msukumo wa mbele wa upepo, ukigawanywa kwa nne, ni 150 tu. Ndiyo maana mashimo yalichongeka kwa kupinda. Kama mashimo yote yangechongeka kwenda upande mmoja, ningesema kani imeshinda. Kama nati zingekuwa zimeng'oka upande mmoja na zege kupasuka, ningesema jozi ya kulaza imeshinda. Mwezi mwandamo ni alama ya jozi ya kukamua.

Mwanafunzi mwerevu huuliza hapa: kwa nini uchague kitako? Ungechagua mahali pengine, je? Tujaribu pale mkono unapokutana na nguzo, mita 3.5 juu. Kani inabaki ileile, 600 mbele na 800 chini, kwa sababu jumla ya kani haijali umesimama wapi. Jozi ya 2,100 inatoweka, maana sasa upepo uko kimo kimoja nasi. Zinabaki 450 na 900. Jozi inabadilika kila unapobadili mahali, kwa hiyo mtu akikuambia “jozi ni 900” bila kutaja mahali, hajakwambia kitu.

Je, pako mahali ambapo jozi inatoweka kabisa, tukabaki na kani moja tu? Kwa bango hili hapapo. Ile sehemu ya jozi iliyo pembe mraba na kani unaweza kuimaliza kwa kuihamisha kani; kwa hesabu hizi, ni kama mita 2.28 kutoka kwenye kitako. Lakini sehemu inayozunguka mhimili wa kani yenyewe haiondoki. Kani yetu imeelekea mbele kwa 0.6 na chini kwa 0.8 ya ukubwa wake. Sehemu hiyo basi ni 450 mara 0.6, toa 900 mara 0.8, yaani 270 toa 720, ambayo ni 450 kwa mzunguko wa kinyume. Rudia hesabu kwenye kitako na utapata namba hiyohiyo, kwa kuwa 2,100 iko pembe mraba na kani na haichangii chochote. Ukiachana na mahali ulipochagua, kinachobaki ni msukumo unaokwenda huku ukijizungusha, kama parafujo inayoingia kwenye mbao.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye michoro ni kuhamisha kani kisha kusahau jozi. Fundi anaandika “upepo nyutoni 600” kwenye kitako, anagawanya kwa bolti nne, anapata 150, anaridhika. La pili ni kukumbuka kimo na kusahau umbali wa pembeni, na bango lenye mkono ndilo linaloadhibu kosa hilo.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Hesabu hii inakichukua kitu kizima kama kigumu kisichopinda, na inasema kweli kuhusu kile kinachokishikilia. Haisemi nguzo itakatika wapi. Ukitaka kujua hali ya weldi pale mkono unapoungana na nguzo, usichukue zile 800 za uzito: nguzo iko chini ya weldi hiyo na haiielemei. Chukua upepo na uzito wa bango peke yake, yaani 600 mbele na 300 chini, pamoja na jozi za 450 na 900.

Ukipita karibu na bango lenye mkono, simama upande upepo unakotoka, kisha utazame bolti iliyo upande wako na mbali na bango. Nati yake ikiwa imelegea, mwambie mwenye bango kabla ya mvua za masika.