Fundo la Kwanza na Fundo la Pili

Mzee mmoja wa kijiji cha wilaya ya Kilosa, baada ya kuitazama mara mbili filamu yetu ambamo mama mmoja mkulima anahifadhi mbegu za mahindi, alipewa mfuko mpya na debe la mahindi makavu, akaombwa atende kama alivyoona. Alimimina kwa uangalifu, akayashindilia, akaikamua hewa kwa viganja vyake, kisha akaikusanya midomo ya mifuko yote miwili ya nailoni iliyo ndani, akaipota pamoja, akaifunga kwa kamba moja. Nikamwuliza: "Mzee wangu, ndivyo alivyofanya yule mama?" Akajibu bila kusita: "Ndivyo, mwanangu. Nimeiona mikono yake imeshika nailoni, nami nimeshika nailoni."

Kosa lilikuwa letu. Kamera ilisimama mgongoni mwa mama yule, mabega yake yakaziba kazi ya vidole, na mafundo mawili aliyoyafunga mbalimbali yakaonekana kama fundo moja.

Mfuko huo, ambao una nailoni mbili ndani na gunia la plastiki nje, asili yake ni kazi iliyofanywa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni. Hauna dawa ndani yake. Hewa tuivutayo ina oksijeni takriban asilimia 21, na mfuko ukifungwa barabara, fukusi waliomo hupumua, wakaipunguza oksijeni hiyo siku baada ya siku, hata wakaacha kula na kuzaana. Ajabu yake ni kwamba hufa kwa kiu: mdudu wa ghalani hanywi maji, bali aghalabu huyatengeneza mwilini mwake kutokana na chakula na oksijeni, na oksijeni ikitoweka, kisima chake kimekauka. Sasa ni dhahiri kwa nini kila nailoni inataka fundo lake peke yake. Dumuzi, yule ambaye wakulima wengi wa Tanzania humwita Skania, anaweza kuitoboa nailoni, na nailoni ya ndani ikitobolewa, hiyo ya pili, iliyofungwa kwa fundo lake, ndiyo inayobaki kuizuia hewa.

Lakini mfuko huohuo uokoao mbegu kavu huiua mbegu mbichi. Punje yenye unyevu mwingi hupumua kwa nguvu, ikatoa joto na majimaji ambayo hayana pa kutokea. Ukungu ukashika, na kiini, ambacho ndicho mche wa kesho, kikaoza ndani ya ganda ambalo kwa nje bado linang'aa. Mahindi ya kula yaliyopoteza kiini huenda yakasagwa, ilhali mbegu iliyopoteza kiini haina kazi shambani. Kwa sababu hiyo taratibu ya filamu haichaguliwi kwa uzuri wa picha. Kukausha hutangulia, kupima hufuata, na kufunga huja baada ya hayo mawili. Na mtazamaji akipokea mpangilio mwingine wowote, tumemfundisha kuiharibu mbegu yake.

Hapo ndipo penye mtihani kwa mpiga picha, maana shamba haliendi kwa saa za kamera. Mahindi ya mama yule, ya aina ya Staha, ambayo mkulima anaweza kujiwekea mbegu yake bila ya kuipoteza sifa yake kama ilivyo kwa chotara, yalitaka siku nne za jua juu ya turubai, nasi tulikuwa na siku mbili tu. Basi tukapiga picha za kufunga asubuhi ya kwanza, kwa mahindi aliyokwisha kuyakausha, kupukuchua alasiri, na kukausha siku ya pili. Picha zilizopigwa kwa mpangilio huo hurudishwa mahali pake wakati wa kuunganisha, kwa sharti kwamba kila hatua imeandikwa mapema kwa sentensi moja yenye nambari, na nambari hiyo ikaandikwa kwenye karatasi na kuonyeshwa kamera kabla ya kila tukio. Mama alivaa kanga ileile siku zote mbili, kwa kuwa katika jaribio letu la kwanza alibadili kanga, na watazamaji wakadhani kuwa ni wanawake wawili wenye njia mbili.

Hatua ya kupima ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Mama alitwaa chupa kavu ya kioo, akatia mahindi hadi theluthi yake, akaongeza vijiko vitatu vya chumvi, akafunga kifuniko, akatikisa kwa muda wa dakika moja, akaiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu wa mahindi umepita asilimia 15. Ikianguka yote chini, haujafika hapo. Nayo ikagandamana, juu ya mahindi ambayo yalilia kama kokoto kila alipoyauma! Tulitahayari, mpaka mama mwenyewe alipoishika chumvi na kusema: "Chumvi hii ya jikoni, imekaa wazi, imekunywa umande." Akaianika juu ya sinia hata ikawa unga, akarudia, na mara hii kioo kikabaki safi. Tukaziweka picha zote mbili katika filamu, na hatua mpya ikazaliwa kabla ya ile ya chupa: anika chumvi kwanza.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Chumvi haiwezi kukwambia kama mahindi yamefika asilimia 13, ambapo mbegu hukaa salama zaidi. Hukwambia tu kwamba yako chini ya 15. Kwa ajili hiyo tulimwomba mama aseme, akiitazama kamera, kwamba chumvi ikisha kuacha kugandamana, yeye huongeza siku moja ya jua.

Baada ya kisa cha yule mzee tulirudi kwa mama na kulipiga upya tukio la kufunga. Kamera ilipanda juu ya bega lake la kulia, ikatazama chini, ili mikono yake ionekane kama vile mtazamaji aionavyo mikono yake mwenyewe. Kila tendo lilishikwa kwa sekunde kumi bila ya kamera kutikisika. Kwa vile nailoni zote mbili zina rangi moja, tulimpa uzi mwekundu kwa mfuko wa ndani na uzi wa buluu kwa ule wa pili: akapota mdomo wa kwanza, akaukunja, akaufunga kwa mwekundu; akatulia; kisha akaushika mdomo wa pili na kuufunga kwa buluu. Tulipoionyesha tena kijijini, hatukumwuliza mtu kama ameelewa, maana mgeni hujibiwa "ndiyo" kwa adabu. Tuliwapa mifuko, tukanyamaza, tukatazama ni wapi mikono inasita. Mzee alifunga mafundo mawili.

Tukio la mwisho lilingoja miezi mitano. Mama alifungua mfuko, akahesabu punje 100, akazikunja ndani ya kitambaa chenye maji, akazinyunyizia kila siku, na siku ya saba akakikunjua mbele ya kamera. Punje 94 zilikuwa zimetoa mizizi.