Je, Wajua Mashine Inayosoma Uso Kazini?

Mfanyakazi wa bwawa la kuogelea anafika kazini alfajiri. Hakuna daftari la mahudhurio wala kadi. Anasimama mbele ya kifaa kilichobandikwa ukutani, kamera inamtazama, jina lake linatokea, na saa zake za mshahara zinaanza kuhesabiwa. Kampuni ya Serco Leisure iliwasainisha hivyo wafanyakazi zaidi ya 2,000 katika vituo 38 vya michezo nchini Uingereza. Mmoja wa washirika wake alikuwa mfuko wa Birmingham Community Leisure Trust, wa jijini Birmingham.

Kifaa cha aina hii hakikujui kama jirani anavyokujua. Programu yake hutafuta macho, pua na pembe za mdomo kwenye picha, kisha hugeuza uso mzima kuwa mfuatano wa namba, mara nyingi mia kadhaa. Namba hizo ndizo zinazowekwa akiba. Kila asubuhi uso wako hupigiwa hesabu upya, na namba mpya hulinganishwa na zile za akiba.

Hazilingani kamwe moja kwa moja. Mwanga umebadilika, umevaa miwani, umefunga kilemba tofauti na cha jana. Kwa hiyo lazima mtu aamue kufanana kwa kiasi gani kunatosha. Akikilegeza kiwango hicho, mashine inaweza kukuita kwa jina la mwenzako. Akikikaza, utasimama pale ukikataliwa huku dakika zako zikipotea.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za kutambua nyuso. Katika nyingi kati ya hizo, kosa la kumfananisha mtu na mwingine lilitokea zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na kidogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Si programu zote zilizofanya vibaya. Baadhi zilionyesha tofauti ndogo sana. Lakini mfanyakazi aliye mlangoni hana njia ya kujua ni ipi iliyonunuliwa na mwajiri wake.

Mwajiri naye ana hoja yake. Yeyote aliyefanya kazi penye daftari anajua kusainiana: Juma hajafika, lakini jina lake lipo tangu saa mbili kamili. Mshahara unalipwa kwa saa ambazo hazikufanywa. Serco ilieleza kwamba njia za mkono zilikuwa na makosa na udanganyifu, na kwamba ilitaka kurahisisha usainishaji.

Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza ilipochunguza, baada ya malalamiko ya mfanyakazi, haikubisha kwamba mwajiri anastahili kujua nani kafika. Ilichouliza ni kama uso unahitajika kwa kazi hiyo. Sheria huuweka uso unaotumiwa kumtambua mtu katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na taarifa za afya, na mwenye kuzichukua lazima aonyeshe kwamba njia nyepesi zaidi isingefaa. Kadi ingeweza kufanya kazi ileile. Wachache wanaodanganya wangeweza kuchukuliwa hatua za nidhamu bila kuchukua nyuso za wote.

Kisha kuna suala la hiari. Wafanyakazi hawakupewa waziwazi njia nyingine. Kusoma uso, au kidole katika baadhi ya vituo, kulielezwa kama sharti la kulipwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini. Mtu anayetegemea mshahara wa mwisho wa mwezi hawezi kusema hapana kwa uhuru, hata akiombwa kwa upole. Kamishna John Edwards aliongeza sababu nyingine: nywila ikivuja unaibadilisha, lakini uso huwezi kuubadilisha.

Tarehe 23 Februari 2024 Serco na mifuko inayoshirikiana nayo ziliagizwa kuacha mtindo huo. Zilipewa miezi mitatu kuharibu taarifa zote za nyuso na vidole ambazo sheria haikuzilazimu kuzihifadhi.

Huku kwetu, Kenya ina sheria yake ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, na mashine za vidole zimejaa kwenye milango ya ofisi zetu. Katika mashine nyingi za aina hiyo, namba za kidole hukaa ndani ya kifaa chenyewe, mbali na orodha ya mishahara. Mtu anapoacha kazi, ofisi ya utumishi huondoa jina lake kwenye malipo, lakini kidole chake hubaki mlangoni mpaka mtu akumbuke kukifuta. Siku ya kurudisha funguo na kitambulisho, omba kifutwe mbele yako.